Yakobo Hakuzaliwa Mdanganyifu: Tanbihi Inapomhukumu Mtoto Mchanga

Muulize muumini yeyote jina Yakobo lina maana gani, na huenda akakujibu bila kusita: mdanganyifu. Jibu hilo limehubiriwa sana, na baadhi ya tanbihi za Biblia zimelitia nguvu kwa kuliandika chini ya Mwanzo 25:26, palepale mtoto anapozaliwa. Mimi naona tanbihi ya namna hiyo, ikiwekwa hapo, inaharibu hadithi.

Tusome mstari wenyewe. Pacha wa pili anatoka tumboni, mkono wake umeshika kisigino cha Esau. Kisigino kwa Kiebrania ni akev. Mtoto anaitwa Yaakov. Msikilizaji wa Kiebrania alisikia akev, halafu Yaakov, akatabasamu. Msimulizi hakusema zaidi ya hapo. Hakutaja hila wala udanganyifu. Ametuonyesha kisigino tu, akaendelea na safari yake.

Hila inakuja sura mbili baadaye, na inatoka kinywani mwa Esau. Katika 27:36 amekwisha kunyang'anywa mbaraka, analia, na katika uchungu wake analigeuza jina la ndugu yake kuwa shtaka: ndiyo maana akaitwa Yaakov, kwa kuwa vayaakveni, amenihadaa, mara hizi mbili! Konsonanti za kisigino ndizo zimekuwa kitenzi cha kupokonya kwa hila. Esau ndiye aliyeupata mchezo huo wa maneno, tena baada ya kuumizwa. Tanbihi inayotangaza "maana yake mdanganyifu" siku ya kuzaliwa inampora Esau maneno yake na kuyatia kinywani mwa msimulizi. Mtoto anahukumiwa kabla hajatenda lolote, na msomaji akifika sura ya 27 hakuna kinachomshtua.

Kuna kosa la pili, nalo limo katika neno "maana". Wataalamu wengi huona kwamba Yaakov ni kifupi cha jina refu la mfano wa Yaakov-El, linaloelekea kuwa dua: Mungu na alinde. Majina ya jamii hiyo yanajulikana pia nje ya Biblia. Mtawala mmoja wa enzi za Wahiksosi, wageni kutoka Asia waliotawala Misri ya kale, aliitwa Yakub-Har, na jina lake limechongwa kwenye mihuri iliyopatikana Misri na Kanaani. Kwa hiyo kisigino ni mwangwi wa sauti anaoutumia msimulizi, wala si lazima kiwe asili ya jina. Ndivyo ilivyo kwa Babeli katika Mwanzo 11:9 pia: Waakadi, watu wa Mesopotamia ya kale, walilieleza jina hilo kuwa lango la mungu, naye msimulizi wa Kiebrania akasikia ndani yake balal, kuchafua. Tanbihi ya kweli iseme "linafanana kwa sauti na", si "maana yake ni".

Mimi ningeandika hivi chini ya 25:26: "Kwa Kiebrania Yaakov, linalofanana kwa sauti na akev, kisigino. Tazama 27:36." Basi. Halafu chini ya 27:36: "Kitenzi cha Kiebrania kina konsonanti zilezile za jina Yaakov. Haki ya mzaliwa wa kwanza ni bekhora, na mbaraka ni berakha."

Sentensi hiyo ya mwisho isiachwe, kwa sababu kilio cha Esau kina mchezo wa pili ndani yake. Anasema: bekhorati ameitwaa, na tazama, sasa ameitwaa birkhati. Herufi b-k-r zimebadilishana nafasi zikawa b-r-k, kama vile ndugu hao wawili walivyobadilishana nafasi. Na hapa Kiswahili kina bahati yake. Kupitia Kiarabu tumerithi mizizi yote miwili: baraka ni ndugu wa berakha, na bikira ni ndugu wa bekhora, kwa kuwa bikr ya Kiarabu inamtaja mwanamwali na pia mtoto wa kwanza. Msomaji wa Kiswahili akionyeshwa hivyo, ataisikia sauti ya Esau kwa karibu kuliko wasomaji wengi wa Ulaya.

Najua kuna wanaotaka mchezo uingizwe ndani ya matini yenyewe, pengine kwa mabano baada ya jina. Siafiki. Mabano husimamisha kilio cha mtu katikati, na msomaji wa kanisani atalazimika kuyasoma kwa sauti. Lakini tanbihi nayo haisikiki kanisani. Macho pekee ndiyo yanayoiona. Kwa hiyo mtafsiri anabaki na kazi ndani ya mstari wenyewe: kama amechagua "ametwaa" kwa haki ya uzaliwa wa kwanza, asibadilishe kuwa "amechukua" kwa mbaraka, maana Kiebrania kinarudia kitenzi kilekile, lakach. Urudiaji huo hauhitaji tanbihi, na hata asiyejua kusoma ataupata kwa sikio.