Alisema 'aa', Nikaandika A

Kuna dada mmoja nesi aliyekuja kwangu baada ya kufanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS mara mbili. Anataka kwenda kufanya kazi Uingereza, na baraza la manesi la huko linataka alama 7 kwenye kusikiliza. Mara zote mbili alipata 6.5. Kiingereza chake ni kizuri: amesoma chuo kwa Kiingereza, anaandika ripoti za zamu kwa Kiingereza. Nilipompa zoezi la kwanza nikategemea ateleze sehemu ya nne, ile ya mhadhara, ambako watu wengi husinzia. Hakuteleza huko. Alipoteza alama nne sehemu ya kwanza, ambayo kila mtu anaambiwa ni ya bure.

Kwa asiyeijua, sehemu ya kwanza ni mazungumzo ya watu wawili kuhusu jambo la kawaida, mara nyingi kwa simu: mtu anapanga chumba, anajiandikisha kozi, anaulizia kazi. Mbele yako kuna fomu au maelezo mafupi yenye mapengo 10. Unajaza jina, namba ya nyumba, simu, tarehe, bei. Sauti inapigwa mara moja tu. Herufi moja ikikosewa kwenye jina, alama imekwenda, hakuna nusu. Mtihani mzima wa kusikiliza una maswali 40, na kwa kawaida unahitaji kama 30 ili ufike 7. Kwa hiyo mtu wa 28 hana tatizo la Kiingereza, ana tatizo la mapengo mawili.

Zoezi nililompa nililitunga mwenyewe, likasomwa na rafiki yangu aliyekulia Leeds, Uingereza. Mwanamume anapiga simu kuulizia nyumba ya kupanga. Anaulizwa jina la ukoo, anajibu kwamba ni Raine, kisha analitaja herufi kwa herufi. Kwa maandishi ya Kiswahili, alichosema kilisikika hivi: aa, ei, ai, eni, ii.

Nikachukua karatasi ya dada. Ameandika AEINI.

Nikamwonyesha jibu sahihi. Akaitazama ile R ya mwanzo kwa muda, akasema, "Lakini mwalimu, mimi nimeandika alichosema." Na ni kweli, aliandika alichosema. Mwingereza akitaja herufi R, hakunji ulimi hata kidogo, anatoa "aa" ndefu. Kwa mtu aliyeanza kusoma kwa a, e, i, o, u kwenye ubao wa darasa la kwanza, hiyo ni A, hakuna mjadala. Kisha Mwingereza akitaja A anasema "ei", na sikio letu linaiona E. Akitaja E anasema "ii", nasi tunaandika I. Akitaja I anasema "ai", na hapo ndipo kalamu inasimama hewani, maana kwenye irabu zetu hakuna inayoitwa hivyo. Wengine huandika A, wengine Y, wengine huacha nafasi.

Angalia jinsi mnyororo ulivyo. R inageuka A, A inageuka E, E inageuka I. Kila herufi imesogea hatua moja. Hili si kosa la kutosikia. Ni kosa la kusikia vizuri kwa alfabeti nyingine. Kwa Tanzania hasa, ambako shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili na Kiingereza cha kufundishia kinaanza sekondari, majina ya irabu yalishaota mizizi kabla hayo ya Kiingereza hayajafika. Ukiwa umetulia unayajua yote. Ukiwa na sauti inayokimbia na isiyorudi, mkono unafuata ule mzizi.

Ndiyo maana nina ugomvi na kozi nyingi za maandalizi. Mtu akikosa sehemu ya kwanza anaambiwa aongeze msamiati, asikilize redio ya Kiingereza, atazame filamu. Filamu gani ina watu wanaotajiana herufi? Unaweza kutazama filamu mwaka mzima usisikie R ikitajwa peke yake. Tatizo ni la herufi nne, na dawa yake ni ya herufi hizohizo nne.

Tulichofanya ni rahisi kiasi cha kuaibisha. Anatoka Mbagala kwa daladala kila siku na mdogo wake. Mdogo anakaa dirishani, anasoma namba za magari yanayopita kwa majina ya Kiingereza, dada anaandika kwenye simu. Namba zetu zina T, tarakimu tatu na herufi tatu, kwa hiyo foleni moja ya Kilwa Road inakupa mazoezi ya kutosha. "Dii, aa, ii." Anaandika DRE. Sharti langu lilikuwa moja: asome mwingine, yeye aandike. Watu wengi hujizoeza kwa kusoma wenyewe kwa sauti, na hilo linazoeza mdomo, wakati mtihani unauliza sikio na mkono.

Kuna mambo mawili madogo ya herufi niliyoongeza baadaye. Kiswahili ni nadra kurudufu konsonanti, kwa hiyo "dabo eli" hupita kama upepo na mtu anaandika L moja. Na msomaji akiwa Mwaustralia, A yake huelekea "ai", na nane yake huelekea "aiti", kwa hiyo mnyororo unaongezeka kiungo.

Turudi kwenye karatasi ya dada, maana pengo la pili linanisumbua zaidi kuliko la kwanza. Mpiga simu anasema anaishi namba 15, Mill Road. Dada aliandika 50.

Ushauri unaosikika kila mahali ni kwamba usikilize mkazo: "thatini" mkazo uko mwishoni, "thati" uko mwanzoni, na vivyo hivyo "fiftini" na "fifti". Ni kweli ukitaja namba peke yake. Lakini Kiingereza kina tabia ya kuhamisha mkazo pale namba inapofuatwa na neno lenye mkazo wake. Ukisema "fiftini" ukanyamaza, mkazo uko mwishoni. Ukisema "fiftini Mill Road", mkazo unarudi kwenye "fif", na sasa inasikika kama pacha wa 50. Na anwani ndipo mahali ambapo namba hufuatwa na neno lingine karibu kila mara. Kwa maneno mengine, kanuni ya mkazo inakuangusha palepale unapoihitaji.

Kinachobaki ni mwisho wa neno. Kwenye 15 kuna irabu ndefu na N inayoifunga, kwenye 50 irabu ni fupi na haina kitu nyuma yake. Tega sikio kwenye pua, si kwenye mkazo. N inapita puani, na hata ikiungana na M ya Mill unaisikia ikivuta kidogo. Tarehe zina nafuu zaidi: tarehe 13 ni silabi mbili na tarehe 30 ni silabi tatu, kwa hiyo unaweza kuhesabu.

Nilipompigia tena kipande hicho peke yake, akaandika 15 bila kusita. Basi kwa nini mara ya kwanza 50? Nikamuuliza alikuwa anafikiria nini. Akacheka. "Bado nilikuwa kwenye ile 'ai', mwalimu." Yaani herufi moja ya jina ilimshika, na wakati anaamua kama ni A au I, anwani ilishapita, akaokota mabaki yake. Hapo ndipo alama moja inapozaa mbili. Tangu siku hiyo nawaambia wanafunzi: herufi ikikushinda, weka mstari mdogo na uendelee. Kwenye mazungumzo hayo jina mara nyingi linatajwa pia kama neno kabla ya kutajwa kwa herufi, na ukilikumbuka jinsi lilivyotamkwa unaweza kujaza pengo baadaye.

Pengo la tatu lilikuwa la simu, na kosa lake ni la kawaida. Sifuri inatajwa "ou", sawasawa na herufi O, na saba mbili zinatajwa "dabo seveni". Mtu anayesikia "dabo" huandika 7, anasubiri inayofuata, na namba inapungua tarakimu moja. Pia mwenye ofisi huirudia namba ili kuhakiki, anaikosea, na mpiga simu anamsahihisha. Sahihi ni ile ya baada ya "sori" au "hapana". Usifute ya kwanza mpaka mazungumzo yahamie jambo lingine, ipige mstari tu na uandike ya pili pembeni.

La nne, muda wa kwenda kuiona nyumba. Kwenye sauti ni "hafu pasti seveni". Dada aliandika 1.30.

Nilicheka kabla sijajizuia, naye akacheka, kwa sababu sote wawili tulijua kilichotokea. Alisikia vizuri, akaelewa vizuri, akaiona saa moja na nusu kichwani kama mtu yeyote mwenye akili timamu anayeishi Dar es Salaam, na mkono ukaandika alichokiona. Hakuna kitabu cha maandalizi kilichoandikwa ng'ambo kitakachokuonya kuhusu hili, kwa sababu mwandishi wake hajawahi kuishi na saa inayoanza kuhesabu asubuhi inapopambazuka. Dawa yake ni kuandika tarakimu uliyoisikia kabla hujaielewa. Ni ushauri wa ajabu kumpa mwanafunzi, lakini kwa mapengo ya namba ninausimamia: andika kwanza, maana ije baadaye.

Alirudi kufanya mtihani akapata 7.5 kwenye kusikiliza. Wiki chache baadaye alinipigia simu amekasirika. Alikuwa amekwenda kwa wakala kukata tiketi ya ndege, kijana wa kaunta akamwomba ataje jina herufi kwa herufi, naye kwa mazoea mapya akataja kama Waingereza: eni, dabo ii, emu, ei.

Tiketi ikatoka imeandikwa NIIME.