Fulana ya "Hakuna Matata": uiuze Mwenge, usiipandishe mtandaoni

Wabunifu wengi wa Dar es Salaam wanaoanza kuuza fulana na vikombe vya kuchapwa kwa oda huanzia sehemu moja. Wanaandika "Hakuna Matata", wanaongeza twiga na jua linalozama, kisha wanapandisha dizaini kwenye Redbubble au Amazon. Mteja wa ng'ambo akilipa, mtambo wa huko huko unachapa fulana moja na kuisafirisha, na mbunifu anapata sehemu yake. Maneno ni ya Kiswahili, mchoro kauchora mwenyewe, kwa hiyo haoni mtu wa kumdai.

Lakini mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba maneno hayo yawe alama yake ya biashara nchini Marekani kwa ajili ya fulana, na mwaka 2003 yakasajiliwa. Habari hiyo ilipoenea mwishoni mwa 2018, watu wengi wa Afrika Mashariki walikasirika na kutia saini malalamiko mtandaoni. Hasira ile ilikuwa ya haki. Maneno yaliyokuwa vinywani mwa watu kabla filamu yoyote haijatengenezwa hayapaswi kuwa kizuizi kwa Mswahili anayetafuta riziki.

Wanaosema tuyatumie bila woga wana hoja nzito. Alama ya biashara si hakimiliki: haimpi mtu umiliki wa maneno, inamlinda tu asije mwingine akauza bidhaa kama zake kwa jina hilo. Hata kwa sheria ya Marekani, maneno makubwa yaliyoandikwa kifuani mara nyingi huhesabiwa kuwa pambo, si alama ya mwenye bidhaa. Pia usajili una mipaka ya nchi. Ule wa Marekani haumzuii anayechapa fulana Kariakoo na kuwauzia watalii pale Mwenge Vinyago. Huyo aangalie tu daftari la BRELA, ambako alama za Tanzania Bara husajiliwa.

Shida ni kwamba hoja hizo ni za mahakamani, na muuzaji wa mtandaoni hafiki huko. Jukwaa likipokea malalamiko huiondoa dizaini kwanza, na yakirudiwa hufunga akaunti nzima, pamoja na dizaini zako nyingine zisizo na kosa. Kwa malalamiko ya hakimiliki, sheria ya Marekani ya 1998 inakupa njia ya kujibu, na mlalamikaji asipokwenda mahakamani dizaini inaweza kurudishwa. Kwa alama ya biashara hakuna utaratibu wa namna hiyo uliowekwa na sheria. Utabaki kumwandikia mlalamikaji umwombe alegeze. Ndiyo maana nasema maneno haya tuyauze nyumbani, na mtandaoni tuyaache. Haki unaweza kuwa nayo, lakini akaunti ndiyo duka lako.

Wapo watakaosema ukiacha maneno maarufu unaacha wateja, na ni kweli, kwa sababu hakuna anayetafuta neno asilolijua. Hata hivyo, neno maarufu lina maelfu ya dizaini, na ya mgeni huzama chini kabisa. Mimi ningelenga kundi dogo lenye sababu ya kununua, kwa mfano watu waliopanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho. Jina la njia na urefu wa kilele, mita 5,895, ni taarifa tu, havina hakimiliki. Dizaini ingekuwa na mchoro wa njia, majina ya kambi na nafasi ya mwaka.

Kabla ya kuipandisha, andika kila neno lililomo kwenye tmsearch.uspto.gov. Kwa fulana tazama daraja la 25, kwa vikombe daraja la 21, maana alama inaweza kuwa imesajiliwa kwa bidhaa moja na isiwepo kwa nyingine. Jina la mlima ni la wote, ila mwonekano wa lebo ya bia ya Kilimanjaro una mwenyewe, kwa hiyo usiige herufi zake. Kibao cha kileleni kichore kwa mkono wako, usifuatishe picha ya mtu uliyoikuta mtandaoni, kwani picha hiyo ina hakimiliki ya aliyeipiga.

Kosa linalowanasa wengi limo kwenye maelezo, si kwenye mchoro. Mtu anachora simba safi wa kwake, kisha kwenye maneno ya utafutaji anaandika "Disney" au "Lion King" ili aonekane. Mitambo ya ukaguzi husoma maneno hayo pia, na dizaini huondolewa hata kama mchoro hauna doa. Kwa fulana ya Lemosho, andika jina la njia, la mlima na mwaka, basi.

Kundi hili nalo lina udhaifu wake. Wapandaji huongezeka kati ya Juni na Oktoba, na mvua za masika zikianza hupungua sana. Anayelitegemea peke yake atakaa miezi bila mauzo, kwa hiyo atahitaji kundi la pili ambalo msimu wake haufanani na huo, na dizaini za mlimani azipandishe Aprili ili zipate muda wa kuonekana kabla wateja hawajaanza kutafuta.