Baba Ananyonyesha na Nini?

Jamani, mwanaume ukibaki nyumbani na mtoto mchanga, mkeo akaenda kazini, mtaa mzima unageuka daktari. Kila mtu ana jina la ugonjwa wako. Kijiweni wewe ni marioo. Kwa shangazi zako umelishwa limbwata. Kwa yule fundi viatu wa chini ya mwembe, ambaye tangu asubuhi hajashika hata kandambili, wewe ni mwanaume suruali. Na hakosi mzee mmoja wa kukukumbusha kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imempa mume jukumu la kumtunza mke, na kwamba mke anamtunza mume pale tu mume anapokuwa mgonjwa au hajiwezi. "Sasa wewe kijana, unaumwa nini?"

Siumwi, mzee wangu. Napiga hesabu ya maziwa.

Maana hesabu hiyo kijiweni hawaigusi. Sheria ya kazi hapa Tanzania inampa mama likizo ya uzazi siku 84, baba siku 3. Siku 3! Hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Gawa 84 kwa 7 upate wiki 12, na kama mama alianza likizo kabla ya kujifungua, mtoto anaachwa mdogo zaidi ya hapo. Wakati huohuo kliniki wanasema mtoto anywe maziwa ya mama peke yake mpaka afikishe miezi 6. Haya, kati ya wiki ya 12 na mwezi wa 6 zamu ya mchana ni ya nani? Ukifika hapo, wanakijiwe wote wanainamia drafti.

Mtoto wa umri huo anayenyonya tu anakunywa takribani mililita 750 kwa saa 24, yaani kama 30 hivi kila saa. Mama wa Dar akitoka saa 11 alfajiri kuwahi daladala na kurudi saa 12 jioni, hayupo kwa saa 13. Weka mililita 400 kwenye akili. Unazigawa kwenye vikopo 5 vya mililita 80, vyenye vifuniko, kila kimoja kimeandikwa tarehe na saa ya kukamuliwa, na kinachotangulia kukamuliwa ndicho kinachotangulia kunywewa.

Usijidai kuweka yote kwenye kopo moja kubwa. Maziwa yakishapashwa na mdomo wa mtoto ukagusa, mate yameingia. Yanayobaki yanatakiwa kuisha ndani ya saa 2, au yamwagwe. Ukipasha 200, bwana mdogo akanywa 80 akalala, unasimama mbele ya sinki na mililita 120 ambazo mwenzako alizikamua kazini, amejibanza stoo, mlango kauegemea kwa mgongo. Mwanaume aliyewahi kumwaga hizo hana nguvu ya kubishana na mtu kuhusu uanaume.

Kopo linakaa ndani kabisa kwenye friji, nyuma, siyo mlangoni. Mlangoni ndiko kwenye joto, kwa sababu kila mtu anafungua. Nyuma yanakaa mpaka siku 4. Nje ya friji wataalamu wanakupa saa 4, tena kwa nyuzi 25. Sasa nitajie lini Mbagala imekuwa nyuzi 25 mchana. Luku ikikata, usilifungue friji kuangalia kama maziwa yapo salama. Yapo. Friji lililofungwa linashika ubaridi kama saa 4. Unaloingiza wewe kwa huo wasiwasi wako ni joto.

Lakini adui mkubwa wa friji siyo Luku, ni mgeni. Shemeji anaingia, "hodi hodi", mkono tayari uko kwenye mlango wa friji. Anaona kikopo, anatia kwenye chai, anakoroga, anasifu: "Haya maziwa matamu, mnachukua kwa nani?" Utamjibu nini? Ndiyo maana juu ya tarehe unaandika kwa kalamu nzito: YA MTOTO. Wapo wanaosoma wakakunywa vilevile.

Halafu kuna majirani wa kukagua. Maziwa ya mama yakitulia yanajitenga, mafuta juu, maji chini. Mama jirani akiona tu: "Ee, Baba Fulani, haya yameoza, wanaume nyie!" Hayajaoza. Zungusha kopo taratibu yanachanganyika. Mengine yakikaa yanatoa harufu kama ya sabuni, nayo ni kawaida, mafuta yanavunjwa na kimeng'enya cha maziwa yenyewe. Yaliyoharibika yananuka uchachu, huhitaji kumwita mtu.

Kupasha ni bakuli la maji ya moto, kopo unalisimamisha humo dakika chache. Jikoni hayaendi. Ukiyachemsha unaua sehemu kubwa ya kinga aliyoiweka mama. Onja kwa kudondoshea kwenye kifundo cha mkono. Usipohisi moto wala baridi, twende. Mkalishe mtoto wima kidogo mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike mdomoni tu, mwenyewe atalamba. Ukimmiminia, yanapita njia ya hewa. Kikombe kinashinda chupa ya chuchu kwa sababu kinasafishika. Chuchu ina pembe ambazo brashi haifiki, na kwenye hizo pembe ndiko kuharisha kunakoanzia.

Na hapo ndipo kijiwe kinapouliza kwa sauti: "Baba ananyonyesha na nini?" Vicheko. Kwa kikombe, ndugu zangu.

Wiki ya 14 inakukuta wewe, mama keshaondoka. Ile ni siku ya chanjo, sindano siyo moja. Benchi zima akina mama, wewe katikati na kitenge begani. Nesi anakutazama juu mpaka chini: "Mama yake yuko wapi?" Ukisema kazini, panakuwa kimya, na bibi mmoja anakupa pole hivyohivyo, kana kwamba mama kafariki. Vua nepi kabla ya kumning'iniza kwenye mizani, maana nepi iliyojaa inaongeza gramu za uongo, na mwezi unaofuata utaambiwa mtoto kapungua. Ukirudishiwa kadi, angalia mstari: unapanda au umelala? Uliolala ndio wa kuuliza.

Jioni homa huwa inakuja. Muulize nesi kipimo kabla hujaondoka, kwa uzito wa siku hiyo. Mtoto wa kilo 6, dawa ya maji ya parasetamo yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, ni mililita 2.5. Pima kwa bomba la dawa, usipime kwa kijiko cha chai. Kila nyumba ina kijiko chake. Homa ikivuka siku ya pili, au akikataa maziwa, rudi kituoni. Mama mkwe akipiga simu atasema ni mikono ya kiume. Mwache.

Umeme unaisha saa hiyohiyo. Unambeba mtoto mpaka dukani kwa Mangi, unalipa Luku ya elfu tano na mche wa sabuni, taslimu, noti mkononi, wateja wote wanaona. Mangi anahesabu, anafungua daftari la madeni, anaandika: "Mama Fulani, luku na sabuni."