Faini haimrudishi mteja, chukua advansi na upange muda kwa daftari lako

Jumamosi moja mteja wangu wa saa 3 asubuhi hakutokea. Alikuwa ameweka nafasi ya kusuka twisti ndogo, kazi ya masaa 5 tukishika watu wawili, mimi na msaidizi wangu, na nywele nilishazikata na kuzichambua tangu usiku. Napiga simu haipokelewi, meseji imesomwa halafu kimya. Ilipofika saa 5 nikakubali kwamba siku imeshaenda, maana saa hiyo utampata wapi mtu mwenye masaa 5 ya kukaa kwenye kiti, tena awe ameshafumua na kuosha? Msaidizi nikamlipa, yeye alikuja kazini.

Hapo ndo nikaandika sheria yangu ya kwanza, na ilikuwa mbovu. Niliandika kwamba asiyetokea bila taarifa atalipa nusu ya bei siku akirudi. Kilichotokea ni kwamba wasiotokea hawakurudi kabisa, mtu anajua anadaiwa, anaona aibu, anaenda kwa msusi mwingine ambako hana deni, na mimi nimekosa siku, nimekosa hela na mteja nimempoteza.

Nikaona labda nimekaza sana, nikashusha ikawa faini ndogo tu. Ikaharibika kwa upande mwingine. Waliorudi walilipa bila hata kusema samahani, na mmoja akaniambia "si nalipa tu hiyo faini yako dada", na kweli alilipa, halafu baada ya muda akafanya tena. Kuna utafiti wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini uliotoka mwaka 2000 unaoeleza hiki kitu vizuri. Walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto mchana kule Haifa, Israeli, ambako kulikuwa na wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto wao. Vituo 6 vikaweka faini ndogo, na wachelewaji wakaongezeka badala ya kupungua, na hata faini ilipoondolewa wazazi hawakurudi kwenye tabia yao ya mwanzo. Yaani kabla ya faini mzazi alikuwa anamwonea haya mlezi anayebaki na mwanae, baada ya faini akaona kuchelewa ni huduma na bei yake ndo ile. Mteja wangu naye aliona hivyohivyo.

Kwahiyo msimamo wangu kwa sasa ni huu, acha kabisa kudai hela baada ya mtu kukosa kuja, chukua advansi siku anayoweka nafasi, na hiyo advansi ikatwe kwenye bei yake akija. Anayekuja haongezi hata senti, na asiyekuja huhitaji kumkimbiza.

Kiasi gani? Wengi wanaotaja asilimia wameiga kwa mwenzao tu. Mimi nilikaa nikaigawa bei ya twisti kwenye mafungu 100: nywele ni 20, msaidizi 20, kodi na umeme wa siku hiyo 10, na 50 ndo jasho langu. Asipotokea nywele zinabaki, nitamsukia mwingine, lakini msaidizi na kodi lazima vilipwe, hayo ni mafungu 30 yanayotoka mfukoni kwangu hata nikikaa bure. Basi advansi yangu ni asilimia 30. Akitaka rangi ambayo naiagiza kwa ajili yake peke yake, naongeza zile 20 za nywele, inakuwa asilimia 50, kwasababu sitapata wa kuziuzia. Jasho langu silidai, hasara hiyo naibeba mwenyewe, ila faida yake ni kwamba mteja akiuliza "kwanini 30?" namweleza ninalipa nini na nini, anaelewa kuwa sio adhabu, na mpaka leo ni wachache sana waliobishana na mimi.

Sasa muda, na hapa ndo watu wanakosea zaidi. Kila mtu anaandika "kansel masaa 24 kabla" kwasababu kaona kwa mwingine. Masaa ya kukansel yanatakiwa yatokane na muda unaohitaji wewe kuijaza hiyo nafasi. Nilikaa na daftari miezi 2, kila aliyekansel naandika alisema lini na kama nafasi ilipata mtu. Kazi fupi, kuosha na kuseti au kusuka mistari, zilijazwa karibu zote hata taarifa ikija asubuhi ileile, nina listi ya watu wanaosubiri, napiga simu 2 au 3 mtu anakuja. Twisti na rasta za masaa mengi ilikuwa habari nyingine, taarifa ikija chini ya siku 2 hakuna aliyepatikana, maana mtu lazima afumue za zamani, aoshe, apange watoto na kazi zake. Kwahiyo nina sheria 2, kazi inayozidi masaa 3 mwisho wa kubadilisha ni masaa 48 kabla na ina advansi, kazi fupi naomba taarifa tu na advansi sichukui. Mwalimu wa tuisheni anaweza kukuta kwake ni tofauti kabisa, saa moja ya mwanafunzi mmoja mara nyingi haijaziki na mwingine hata ukiambiwa siku 3 kabla, yeye bora alipwe vipindi vya mwezi mzima mapema na aruhusu kipindi kimoja kuhamishwa.

Na usimwandikie mteja "masaa 48", hesabu mwenyewe umpe siku na saa. Meseji yangu iko hivi: "Nafasi yako ni Jumamosi saa 3 asubuhi (09:00). Unaweza kubadilisha bila kupoteza advansi mpaka Alhamisi saa 3 asubuhi (09:00). Nijibu NDIYO kama unakuja." Saa naiandika kwa namna zote mbili kwasababu nimeshapata mteja aliyeandikiwa saa 3 akaja mchana kwa kusoma saa ya simu, huyo sio mkorofi, ni mimi sikuandika vizuri. Meseji hii naituma Jumatano. Zamani nilikuwa nakumbusha Ijumaa jioni, na ndo ikawa watu wanakumbuka kwamba hawawezi kuja wakati dirisha limeshafungwa, halafu wanachukia, na walikuwa na haki ya kuchukia.

Msiba, mtoto kuumwa, hayo sihitaji cheti. Advansi inahamia tarehe mpya mara moja kwa kila mteja, naandika kwenye daftari, mara ya pili inabaki kwangu hata sababu ikiwa nzuri. Na mimi nikikansel narudisha advansi yote siku hiyohiyo, na kama ni ndani ya zile masaa 48 nampunguzia mteja asilimia 30 ya bei kwenye kazi yake inayofuata, maana na yeye kapanga siku yake.

Yule wa Jumamosi alirudi baada ya miezi kadhaa, sikumdai kitu cha nyuma, nikamwomba advansi kama wengine akatuma. Jumatano nikamkumbusha, Alhamisi saa 2 asubuhi akaandika kwamba shift yake kazini imebadilika anaomba ahamie Jumanne. Nikafungua listi, wa pili niliyempigia alikuwa ameshafumua.