Dipoziti yangu ilisomwa kwa spika

Aliyewaambia kuwa nilifukuzwa kwa deni amezidisha chumvi. Ilikuwa invoisi tu, ila ilisomwa mbele ya kadamnasi.

Mnajua harusi ya Matondoni. Vyombo vya muziki nilivikodi mjini Lamu: spika mbili, mixa na maiki mbili zisizo na waya, 3,500 kwa siku. Siku moja nililipa kabisa, nikaweka na dipoziti ya 8,000. Siku ni saa 24 tangu vitu vitoke dukani, nami nilivitoa saa kumi alasiri. Wakati wa kurudi, maji yakapwa, mashua ikakaa kwenye tope, nasi tukakaa nayo. Nafika dukani, watu wanatoka Isha.

Mwenye duka akakagua vitu kwa fomu tuliyotia saini siku ya kuchukua. Spika moja ilikuwa imebonyea pembeni, lakini ubonyeo huo ulikuwa umeandikwa tangu mwanzo, akaupita. (Mkikodi, kila mkwaruzo uandikwe kabla hamjaondoka.) Waya mmoja haupo. Kisha akashika maiki ya pili.

"Hii ina nini, ndugu yangu?"

"Haina kitu."

Na kweli nilikuwa nimeifuta vizuri. Ami yake bwana harusi alipokuwa akishukuru wageni alirusha mikono, maiki ikaruka, ikatua kwenye ndoo ya sharubati ya ukwaju. Nje ilikuwa inang'aa. Mwenye duka akafungua kifuniko cha betri, taratibu, kama anayemenya yai. Tone likadondoka. La kahawia. Akalinusa! Jamani, akalinusa, kisha akanitazama.

Nikajitetea kwamba hapo ni kubadilisha kichwa tu, si maiki nzima. Akanionyesha vyuma vya betri vimeshaota kutu ya kijani, na ukwaju umeingia hadi kwenye saketi. Kichwa kipya kingekaa juu ya maiki iliyokufa.

Basi akasema ajaribu ile maiki nyingine. Akawasha mixa, spika zimeelekea kichochoroni, na mimi bado namlalamikia hesabu. Naye, mkono mmoja maiki, mkono mwingine invoisi, akanijibu hapo hapo:

"SIKU YA PILI, ELFU TATU NA MIA TANO."

Waliotoka msikitini wakasimama. Nikamfanyia ishara ya mkono. Akadhani sisikii, akapandisha sauti.

"MAIKI YA UKWAJU, ELFU TATU NA MIA NANE. WAYA, MIA TANO. JUMLA ELFU SABA NA MIA NANE. DIPOZITI UNARUDISHIWA..."

Hapa akanyamaza, akapiga hesabu upya. Mtaa mzima ukangoja naye. Kuna mtoto alipanda barazani aone vizuri. Nanyi mnaocheka, nawaona.

"...MIA MBILI!"

Mtu akapiga makofi. Nikatia saini na kushika njia. Hata pembeni sijakata, hamali wa mkokoteni kanyoosha mkono: kusukuma spika kutoka gatini, mia mbili.