Mteja akisema "huduma yenu mbovu" tu, muulize swali moja

Malalamiko mafupi kuliko yote ndiyo magumu kuyajibu. Mteja ameandika "huduma yenu mbovu", akaishia hapo. Hajataja siku, bidhaa wala mhudumu. Mara nyingi jibu analopata ni lile lililokwisha kuandaliwa: "Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Tafadhali tupatie jina kamili, namba ya simu, namba ya oda, tarehe na maelezo ya kina ya tatizo lako."

Mimi silipendi jibu hilo, hata kama lina adabu. Linaomba radhi kwa jambo ambalo mwandishi wake halijui, na mteja analiona hilo upesi. Halafu linamtwisha kazi. Mtu aliyekasirika kiasi cha kuandika maneno matatu hawezi kukaa chini ajaze mambo matano. Ananyamaza, na sisi tunaandika kwenye kumbukumbu kwamba mteja hakutoa ushirikiano.

Kabla ya kuuliza, angalia kwanza ulichonacho. Tuseme unafanya kazi kwenye kampuni ya kusafirisha vifurushi, na ujumbe umeingia kupitia namba ya simu iliyosajiliwa. Ukiitafuta namba hiyo kwenye mfumo unakuta kifurushi kimoja, kimeandikwa kuwa kilifikishwa Jumanne jioni, ila sehemu ya saini ya mpokeaji iko wazi. Hujajua kilichotokea. Huenda kilikabidhiwa mtu mwingine, huenda kilifika kimevunjika, na huenda hasira yake inamhusu aliyepokea simu, wala si kifurushi. Lakini sasa una mahali pa kuanzia, na huna sababu ya kumuuliza jina, namba wala tarehe.

Mimi ningemjibu hivi:

"Habari za asubuhi. Asante kwa kutuambia, na pole kwa kuwa hukuridhika. Naona una kifurushi ambacho kwetu kimeandikwa kuwa kilifikishwa Jumanne jioni. Je, tatizo linahusu kifurushi hicho, au ni jambo jingine? Unaweza kunijibu kwa kifupi tu, mimi nitafuatilia."

Swali ni moja, na linajibika kwa neno moja hata kwa mtu aliye njiani. "Pole" inamhusu yeye na hali yake, haikiri kosa ambalo bado halijajulikana. Maneno "kwetu kimeandikwa" nimeyachagua makusudi. Ukiandika "kifurushi chako kilifika Jumanne" na kumbe hakijamfikia, umemwita mwongo kabla hajafungua kinywa. Na hayo "au ni jambo jingine" usiyaache. Ukimpa mteja kisababu kimoja tu, atakubali ili yaishe, nawe utatumia siku nzima kumtafuta dereva asiye na kosa.

Kuna maswali yanayoonekana ya kawaida lakini yanachoma. "Kwa nini unasema hivyo?" linamtaka ajitetee. "Una uhakika?" ni baya zaidi. Badala yake uliza "nini kilitokea?" au "ilikuwa lini?", kwa sababu hayo yanaulizia tukio, hayapimi ukweli wa mtu.

Kama ameandika hadharani, mahali ambapo kila mtu anasoma, mjibu hapohapo kwa sentensi mbili, kisha umwombe mwendelee kwa ujumbe wa faragha. Habari za kifurushi chake usizitaje mbele za watu, wala usimwombe aandike namba ya simu pale, maana matapeli huzichukua namba hizo na kupiga wakijifanya ni ninyi. Na kokote mnakozungumza, namba ya siri haiombwi.

Wapo watakaojibu "mnajua wenyewe". Hapo wengi hukata tamaa, lakini mimi nalihesabu hilo kuwa jibu, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba alishalalamika kabla na hakuna aliyeshughulika. Rudi kwenye kumbukumbu za simu na ujumbe wa nyuma. Ukikuta alipiga Jumatano, mwandikie: "Naona ulitupigia Jumatano kuhusu kifurushi hiki na sioni kama ulirudishiwa jibu. Je, ndilo hilo?" Asipojibu kabisa, mkumbushe mara moja baada ya siku moja au mbili, kisha mwache. Kumwandikia kila siku ni kumsumbua mtu ambaye tayari amechoka nanyi.

Akijibu "sijapokea kitu", usimrudishie swali jingine papo hapo. Mrudishie maneno yake na hatua unayochukua: "Nimeelewa, kifurushi hakijakufikia. Sasa hivi nawasiliana na dereva aliyekipeleka, na nitakuandikia kabla ya saa nane mchana, hata kama sijampata."