Risiti ya Zawadi

Wale mliokwisha kusoma habari zangu katika WhatsApp ya jirani yangu wa B6, mjue kwamba mmesoma toleo lililotiwa chumvi na mtu ambaye hata hakuwa kwenye foleni siku hiyo. Si kweli kwamba nilijaribu kumhonga mwenye nyumba. Si kweli pia kwamba nilifukuzwa. Kilichotokea ni kibaya kuliko hayo yote, nami nimeamua kukisimulia mwenyewe kabla hakijafika kwa mama yangu.

Ninyi mnaopanga hapa Nairobi mnaifahamu hali ya Desemba. Kila mtu unayekutana naye langoni anakuuliza, “Krismasi yangu iko wapi?” Askari wa usiku anauliza, kijana anayezoa taka kila Jumanne anauliza, na dada anayepiga deki ngazi anauliza kwa macho tu. Keateka wetu hakuuliza. Yeye ni mtu wa haya, na kwa sababu hakuuliza, nilijidanganya kwamba jambo lake si la haraka.

Nilikaa chini na rafiki yangu, yuleyule wa B6, tukapiga hesabu. Kodi yangu ni shilingi 15,000 kwa mwezi, nami nikaona kwa akili zangu kwamba kodi ya siku moja ni kipimo cha haki: gawanya kwa 30, unapata 500. Hiyo ikawa ya keateka. Halafu rafiki yangu akanikumbusha kwamba Mzee, yaani mwenye nyumba, hajapandisha kodi kwa miaka miwili, kwamba Januari ndio mwezi ambao barua za kupandisha kodi hupenyezwa chini ya milango, na kwamba wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Nikashawishika. Nikatenga 2,000 za Mzee, noti mbili mpya za elfu moja, nikazitia katika bahasha nyeupe na kuandika juu yake kwa mwandiko wangu mzuri, “Heri ya Krismasi, Mzee.”

Naomba msinicheke bado. Nitawaambia wakati wa kucheka.

Mzee wetu ana namba yake ya M-Pesa, lakini haiamini. Kila mwisho wa mwezi huja mwenyewe, huketi karibu na lango kwenye kiti cha plastiki, huweka meza ndogo mbele yake, na kila mpangaji humpelekea ama pesa ama ujumbe wa M-Pesa, akaandikiwa risiti. Desemba huja mapema zaidi, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, kwa sababu anajua kwamba mtu akishapanda basi la kwenda kwao, kodi yake hupanda naye. Keateka husimama kando yake na daftari la mita za maji, maana maji yetu hulipiwa kwa uniti, shilingi 150 kila moja.

Asubuhi hiyo nilianza kwa kumpa keateka 500 zake pale ngazini. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akazikunja ndogo sana. Nilipaswa kuona jinsi alivyozikunja.

Kisha nikajiunga na foleni. Kodi ya Desemba nilikuwa nimeilipa tangu tarehe 4, kwa hiyo sikuwa na sababu yoyote ya kusimama pale, na watu walianza kunitazama kwa huruma wakidhani nina deni. Nyuma yangu walikuwa watu 6. Zamu yangu ilipofika, nilimwamkia Mzee kwa heshima zote na kumkabidhi ile bahasha.

Sasa twende polepole, kwa sababu hapa ndipo ninapoamka usiku nikijifunika uso kwa mto.

Mzee hakuyasoma maneno yangu mazuri. Aliichana bahasha kwa kidole, katikati kabisa ya neno “Krismasi”, akazitoa zile noti mbili, akazielekeza kwenye jua moja baada ya nyingine kana kwamba nilizichapa mwenyewe. Akavaa miwani. Akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akafunua kitabu cha risiti, akaiweka sawa karatasi ya kaboni ya buluu, akachukua kalamu, na bila kuinua macho akaniuliza, “C7. Hii ni ya nini?”

Miaka mitatu nimekaa katika jengo lake. Jina langu ni C7.

Nikamjibu kwa sauti ndogo, “Ni zawadi, Mzee.”

Kalamu ikasimama hewani. Mzee akainua uso, akanitazama juu ya miwani, akauliza kwa sauti ya mtu mwenye masikio mazito, sauti ambayo hata wa ghorofa ya nne waliisikia:

“Zawadi ya mwezi gani?”

Sikuwa na jibu. Wengine wenu mngekuwa na jibu, najua, mngecheka na kusema ni ya Krismasi, mngeendelea na maisha yenu. Mimi nilisimama pale nikitafuta mwezi. Nilipofungua kinywa, neno lililotoka lilikuwa, “Desemba.”

“Desemba umelipa,” akasema Mzee, akipekua kurasa za nyuma. “Tarehe 4. Iko hapa.” Kisha akamgeukia keateka. “C7 ana maji?”

Keateka akalamba kidole chake naye, akafunua daftari. “Uniti 4, Mzee. Mia sita.”

Basi mbele ya macho yangu na ya watu 6, zawadi yangu ikaanza kufanyiwa hesabu. Ikatolewa 600 ya maji, ikabaki 1,400. Mzee akaandika kwa utulivu wa mwalimu wa zamani: kodi ya Januari, sehemu, 1,400, baki 13,600. Nikajikaza kiume nikamwambia, “Mzee, hiyo si kodi. Ni yako wewe mwenyewe, ununue chochote.”

Akaiweka kalamu chini. Akaniambia, bila hasira hata kidogo, kwamba pesa ya mpangaji haiingii mfukoni mwake bila karatasi. Vitabu vyake huandikwa na binti yake, na serikali huchukua asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba kila mwezi. Akiandika “zawadi”, binti atamuuliza ni zawadi gani hiyo ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba, na yeye hataki maswali ya namna hiyo katika uzee wake. “Nikiandika kodi,” akasema, “kila mtu analala.”

Nimepiga hesabu baadaye, kwa sababu mtu mwenye aibu hana kazi nyingine. Asilimia 7.5 ya 1,400 ni shilingi 105. Kwa hiyo mimi huenda ndiye mtu wa kwanza katika mtaa huu ambaye zawadi yake ya Krismasi iligeuzwa kodi ya nyumba, kisha ikakatwa kodi ya serikali. Sasa mnaweza kucheka.

Lakini hayo si mabaya yenyewe. Mzee alichana ile risiti, akanipa, kisha akamwelekezea keateka kidole. “Na huyu? Umempa ngapi?”

Keateka akainama na kuisoma kwa makini sana ile mita ya C7, ambayo ilikuwa imekwisha kusomwa.

Jamani, niliwahi kufeli mtihani wa udereva mbele ya mkufunzi na abiria, lakini sijawahi kuisikia kimya ya namna ile. Nikasema, “Mia tano.” Nyuma yangu mama wa B2 akaguna. Yeye, nilikuja kuambiwa, alimpa keateka 1,000 tangu tarehe 10, akijua kwamba nauli ya kwenda Magharibi hupanda vibaya wiki ya Krismasi na kwamba pesa ya tarehe 10 hukata tikiti ambayo pesa ya tarehe 21 haiwezi kukata. Wa A3 alitoa unga wa ngano, sukari na mafuta ya kupikia. Nyumba yenye wanafunzi wanne walichanga 200 kila mmoja. Kodi yao wote ni sawa na yangu.

Mzee akasema, “Mimi nina nyumba 24. Yeye anakwenda Busia na watoto watatu. Ni nani kati yetu anayehitaji nauli?”

Pale pale, nikiwa nimeishika risiti yangu, nikakumbuka mambo niliyoyasahau nilipokuwa nikigawanya kwa 30. Nikakumbuka Machi, pampu ilipoharibika siku 9, na mitungi ya lita 20 iliyonifikia ghorofa ya tatu bila mimi kuuliza ilipandaje. Nikakumbuka lango nililofunguliwa saa 8 za usiku, mara ngapi sitasema. Nikakumbuka kufuli nililoliacha likining'inia wazi mlangoni nikaenda kazini, naye akaketi ngazini kuilinda nyumba hadi nilipopokea simu. Mzee hulipwa 15,000 kila mwezi kwa kazi yake ya kuwa na jengo. Mitungi ile haikuwa katika kodi, na hakuna risiti yake iliyowahi kuandikwa. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila nilikuwa nimeipiga kwa kodi badala ya kuipiga kwa mitungi.

Mengine yalikwenda haraka. Nilipanda ngazi, nikamtumia keateka 1,500 kwa M-Pesa ili zitimie 2,000, akajibu, “Asante C7, Mungu akubariki,” na jioni hiyo mtaa mzima ukawa unaulizana zawadi ya mwezi gani. Barua ya kupandisha kodi bado haijaja. Nikisikia karatasi chini ya mlango, moyo unaruka.

Keateka aliondoka Jumapili alfajiri. Kabla ya kuondoka aligonga mlango wangu, akaniachia ufunguo wa chumba cha pampu, akasema kwamba amefikiria wapangaji wote na akaona C7 ndiye mtu wa kujitolea. Alilisema hilo bila kutabasamu. Kwa hiyo tangu siku hiyo mimi ndiye ninayeamka saa 10 za alfajiri maji ya mfereji yanapokuja, nawasha pampu, nasimama na tochi nikisikiliza tangi la juu lijae, nazima kabla halijafurika. Nisipoamka, nyumba 24 hazina maji, na nyumba 24 zinajua mlango wangu ni upi.

Jana wa A3 alinikuta nikitoka chumba cha pampu nikiwa na kandambili na baridi. Akanishukuru sana, akaingiza mkono mfukoni, akanipa noti ya 50 na kuniambia, “Shika Krismasi yako.”

Niliipokea kwa mikono miwili. Halafu nikaitazama, nikajikuta nimeikunja ndogo sana.